Jina lako kuonekana kwa saiti ya ndege si kulipiwa tiketi

"Wadau, kuna ajenti wa WhatsApp ananiuzia tiketi ya Nairobi–Dubai kwa bei poa sana. Amenitumia konfamesheni, nimeingiza zile herufi kwa saiti ya ndege na jina langu liko. Nitume pesa?"

Usitume bado. Nimekaa deski ya tiketi hapa tao miaka kadhaa na hiyo ya jina kuonekana ndio inamaliza watu.

Zile herufi na namba sita, PNR, ni bukingi tu. Ajenti mwenye sistimu anaweza kukushikia siti bila kutoa hata bob, shirika linampa dedilaini ya kutoa tiketi, ikipita sistimu inafuta yenyewe. Sasa huyo jamaa anafungua bukingi ya ukweli, jina sawa, tarehe sawa, we unachungulia unafurahi unatuma doo, na kesho kutwa hakuna kitu.

Mwitishe namba ya tiketi. Hiyo huwa tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za shirika lililoitoa: Kenya Airways 706, Emirates 176, Ethiopian 071. Kuna mama alikuja kwetu na karatasi ya kijana wake, imeprintiwa rangi safi kabisa, logo ya Emirates juu, lakini namba ya tiketi inaanza na 706 na nikihesabu ziko 12. Nikafungua PNR, siti ilishaachiliwa. Alikuwa ametuma pesa kwa namba ya mtu binafsi, si till si paybill, na ajenti hashiki simu tena.

Ila usihukumu kwa zile tatu za kwanza peke yake, kwa sababu kuna safari shirika moja linatoa tiketi na lingine ndilo linarusha. Pigia shirika simu, namba toa kwa saiti yao usitoe kwa hiyo PDF, uliza hivi: "Hii PNR imetolewa tiketi ama bado?" Wakisema bado, basi hujalipiwa, hata karatasi iseme CONFIRMED mara ngapi.

Hoteli ni vilevile, hapo hata ni rahisi zaidi, anabuku ile ya kulipa ukifika halafu anaedit iandike PAID. Piga risepsheni uulize bili ya hilo jina imelipwa ngapi.

Shida inabaki kwa tiketi iliyonunuliwa na kadi ya wizi. Hiyo inapita kila kitu nimesema hapo juu, inakuja kufutwa mwenye kadi akilalamika, pengine uko tayari JKIA na mabegi. Kwa hivyo ile bei poa sana ndio ingenitoa mbio mimi. Nunua kwa shirika lenyewe ama ofisi unaweza kuingia kwa mguu, tafuta kama wako kwa orodha ya memba wa KATA, chama cha maajenti wa safari Kenya, na upigie hiyo ofisi, maana matapeli hukopi jina la kampuni halali.

Na kama ushatuma, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 saa hii hii kabla hajatoa, halafu uripoti polisi ukiwa na chati zote, usifute hata moja.