4 na 5 nyumba moja

"Mume wangu kazaliwa tarehe 23, mimi 13, nimeambiwa namba zetu haziendani, kweli?"

Dada, aliyekwambia kajumlisha sawa, 2+3 ni 5 na 1+3 ni 4, lakini hiyo hukumu kaitia mwenyewe. Kwa hesabu hizi za tarehe ya kuzaliwa wa 4 ataka mpango, wa 5 ataka mabadiliko, yaani mumeo ashasema twende Malindi kesho na wewe bado wapigia hesabu pesa za unga, hapo ndo mtavutana, basi huyo aliyekwambia angesema hivyo tu akaachia hapo. Na akitokea wa kukuuliza jina la mama, huyo achanganya na nyota ya abjadi, inayohesabu herufi za majina, ile ni hesabu nyengine kabisa. Na jumlisheni tarehe nzima pia, na mwezi na mwaka, huenda huko mkatoka namba moja.