Usianze na neno refu, anza na kipande kigumu

Kwa muda mrefu nilikuwa nikilitatua fumbo la silabi kinyumenyume. Nilipopewa vipande na kuambiwa niunde maneno marefu, kila kipande kitumike mara moja tu na kisibaki hata kimoja, nilikuwa nikivipitisha macho, nikilidaka neno refu la kwanza lililonijia, kisha nikipambana na mabaki. Mara nyingi neno hilo la kwanza lilikuwa sahihi kabisa kama neno, lakini lilikuwa limekula kipande ambacho neno jingine lisingeweza kuishi bila hicho. Nitaonyesha jambo hili kwa seti moja ambayo ilinisumbua jioni nzima.

Vipande vilikuwa 17, vimepangwa kwa alfabeti: a, ba, fi, ji, ki, ku, li, li, ma, mbu, no, ri, sa, sha, sho, ta, u. Sharti lilikuwa kupata maneno matatu, yote yawe ya kawaida ya kamusi, yasiwe majina ya pekee wala vitenzi vilivyonyambuliwa kwa nafsi na wakati. Sharti hili la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu bila hilo mtu angeweza kuandika "atakubali" na kudhani ameanza vizuri.

Neno lililonirukia lilikuwa "makumbusho". Lina ma, ku, mbu na sho, na linapendeza kwa kuwa linameza vipande viwili vigumu kwa mpigo mmoja. Nikaendelea na "usafirishaji", ambalo nalo halikunipa taabu. Mkononi vikabaki vipande saba: a, ba, ki, li, li, no, ta. Nilivipanga na kuvipangua mpaka nikapata "Kitaliano" na "bali", nikafurahi kwa sekunde chache kabla ya kugundua kwamba hayo ni maneno manne badala ya matatu, kwamba jina la lugha ni jina la pekee, na kwamba lugha yenyewe huandikwa Kiitaliano, kwa i mbili, nami sikuwa na kipande cha i hata kimoja. Nilipaswa kuacha pale pale. Badala yake niliendelea kuvisukuma vipande vile saba kwa karibu saa nzima, kwa sababu sikutaka kuamini kwamba kosa lilikuwa katika neno zuri kama "makumbusho".

Siku hizi kabla sijaunda neno lolote ninavihamisha vipande kutoka katika mpangilio wa alfabeti, ambao mtunzi huutumia makusudi ili kuwatenganisha majirani, na kuviweka mahali vinapopenda kukaa. Nyuma ninaweka vile ambavyo kwa kawaida hufunga nomino ndefu. Katika seti hii ni sho, no na ji. Hapo kuna dokezo kubwa: miisho mitatu kwa maneno matatu. Bila shaka ji linaweza kuanza neno, kama katika "jibu", na no laweza kuanza "noa", lakini katika maneno ya silabi tano au sita ninaanza na dhana kwamba kila kimoja kinafunga neno lake. Mbele ninaweka u, ma na ki, ambavyo ni viambishi vya ngeli. Vilivyosalia vinakaa katikati vikisubiri.

Kisha ninauliza ni kipande kipi chenye majirani wachache zaidi. Hapa ni mbu. Kati ya vipande vilivyopo, niliona kinaweza kutanguliwa na ku, tukapata familia ya "kumbusha" na "kumbusho", au na ta, tukapata familia ya "tambua". Nikikipa ku, nimemnyang'anya "kubali" silabi yake ya kwanza, na ba inabaki yatima. Nikikipa ta, hakuna anayelalamika. (Jicho pia litajaribu kukusomea "kitabu" kwa ki, ta na mbu. Kipande hakikatwi, na mbu si bu.)

Kinachofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. "Tambua" haina l, ila ukikinyambua kitenzi hicho, l inajitokeza: tambulia, tambulisha. Ndivyo ilivyo kwa vitenzi vingi vinavyomalizika kwa irabu mbili: nunua hutoa nunulia, fungua hutoa fungulia, pokea hutoa pokelewa. Kwa hiyo ukiona li au le katika seti, usitafute tu mizizi yenye l. Fikiria pia vitenzi ambavyo l yake imefichika. Irabu nayo inasaidia kuchuja, kwa kuwa li huja baada ya mzizi wenye a, i au u, ilhali le huja baada ya e au o. Katika seti hii hakuna e, na o ipo katika miisho tu, ndiyo maana tumepewa li mbili na hatukupewa le. Li ya kwanza inaingia baada ya tambu-, inapokea sho, inatanguliwa na ki, na tunapata "kitambulisho".

Li ya pili ni ya aina nyingine, kwa kuwa imo ndani ya mzizi wa "kubali" wenyewe. Kipande no kilikuwa kinatafuta a ya kutendana ili kiwe -ano, na a ilikuwa moja tu. Ku, ba, li, a, no, na mbele yake ma: "makubaliano". Vinabaki u, sa, fi, ri, sha na ji, ambavyo hata havihitaji kupangwa. Silabi tano, sita na sita zinatimia 17.

Kuhesabu huko ninakufanya kila mara, tena kwa penseli, nikikata kipande kimoja kimoja, kwa sababu kosa langu la pili kwa wingi ni kuitumia li moja mara mbili, au kuisahau ya pili kwa kudhani imeandikwa kwa bahati mbaya.

Nikikwama, sivunji kila kitu. Ninaangalia mabaki na kuuliza kama yana mwisho wa neno na kama mwisho huo una jirani wa kutangulia. Yakikosa kimojawapo, ninalirudia neno lililochukua kipande kigumu zaidi, si lile nililoliandika mwisho.

Kuna seti zinazojifungua zenyewe, nazo ni zile zenye maneno ya mkopo ambayo silabi zake hufungwa kwa konsonanti. Watunzi wengine huikata "maktaba" kuwa mak, ta, ba, wengine huiacha k peke yake. Kwa vyovyote vile kipande hicho hakifanani na wenzake na kinastahili kushughulikiwa kwanza. Juzi nilikutana na hal katikati ya vipande ishirini na kitu. Ma, sha, u na ri vilikuwa vimetawanyika huku na huko, na kila kimoja kingeweza kwenda popote, lakini hal ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, nikaandika "halmashauri" kabla sijavisoma vipande vingine.