Tangazo la nyumba: saa 9 ya nani?

Jumamosi moja keyateka wa ploti fulani Donholm alinipigia simu saa tatu na dakika kumi asubuhi. "Kuna watu watano getini wanataka kuonyeshwa nyumba. Wewe si uliandika saa tisa?" Kweli niliandika. Mama mwenye nyumba alinitumia tangazo lake la Kiingereza lenye 9:00–11:00 AM, nami nikaliandika upya kwa Kiswahili, "Kuonyeshwa: Jumamosi, saa 9 hadi saa 11." Tarakimu zilipita kama zilivyo. Waliokuwa wameona tangazo la kwanza walikuja asubuhi, waliosoma langu wakafika alasiri, na wakati huo keyateka alishaondoka na funguo kwenda harambee. Nyumba ikakaa tupu wiki nyingine moja.

Tangu siku hiyo, saa ndiyo kitu cha kwanza ninachokagua, kwa sababu ndiyo kosa lisiloonekana. Ukiona saa ya tangazo la Kiswahili ina tarakimu ileile iliyo kwenye saa ya Kiingereza, kuna kosa. Lazima zipishane kwa sita: 9:00 AM ni saa 3 asubuhi, 4:00 PM ni saa 10 jioni. Halafu usiache saa bila asubuhi, mchana au jioni. Ningeandika "saa 9 asubuhi" sikio langu lingeshtuka papo hapo, maana hakuna anayesema hivyo. Lakini hata sikio lina kikomo: "saa 11 asubuhi" ingepita kimya, ingawa hiyo ni alfajiri watu wakigombania matatu ya kwanza. Siku hizi naandika zote mbili, "saa 3 asubuhi, yaani 9:00 AM", kisha nampigia mwenye funguo nimsomee. Yeye ndiye atakayesimama pale mlangoni.

Niliporudi kwenye tangazo lile kwa hasira, nikakuta saa haikuwa peke yake. Kichwa kilisema kodi ni shilingi 28,000, chini kabisa 38,000. Hiyo ya pili ilibaki kutoka tangazo la jirani nililonakili ili nisiandike kila kitu upya. (Uvivu wangu, sina wa kumlaumu.) Dawa niliyoipata ni kujumlisha pesa ya kuingilia. Kodi 28,000, dipoziti 28,000, dipoziti ya maji 2,500, taka na ulinzi 1,500: jumla 60,000. Jumla hiyo nikamtumia mama. Angekuwa na wazo jingine kuhusu kodi, au kama taka na ulinzi vimo ndani ya kodi, angesema hapo hapo. Bei moja peke yake watu huipitisha kwa macho. Jumla huwafanya wasimame.

Ukubwa nao ulikuwa kichekesho. Tangazo lilisema "mita za mraba 620". Mita moja ya mraba ni karibu futi za mraba 10.76, kwa hiyo fleti hiyo ingekuwa na futi 6,600 na zaidi. Ploti nzima ya 50 kwa 100 ni futi 5,000! Nilimwomba keyateka apime kwa tepu. Sebule 14 kwa 12, chumba kikubwa 12 kwa 10, kidogo 10 kwa 10, jikoni 9 kwa 7, bafu 7 kwa 5, korido 12 kwa 4, baraza 10 kwa 4. Ukizidisha na kujumlisha unapata futi 574. Ongeza unene wa kuta, 620 inaeleweka, ila ni futi, wala si mita. Kwa mita ni kama 58. Jumla ya vyumba ikizidi ukubwa uliotangazwa, au ikiwa pungufu mno, mtu amechanganya vipimo au kuna chumba kimesahaulika.

Kwenye vyumba tulibishana kidogo. Mama aliita nyumba yake "vyumba vitatu", akihesabu sebule, kama tulivyozoea wengi. Mpangaji wa Nairobi akisoma vitatu anawaza vitatu vya kulala, na mwenye watoto wanne atapanda matatu mbili kuja kuona viwili. Nikaandika "vyumba 2 vya kulala, sebule, jikoni, bafu 1", kisha nikahesabu vitanda kwenye picha. Picha zilionyesha vyumba vitatu vya kulala. Moja ilikuwa ya nyumba ya jirani, imekuja na lile tangazo nililonakili.