Siku ngapi tangu walipokutana? Namba ya kutaja kwenye hotuba ya harusi

*Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi 13/12/2025 na mimi ndiye nitakayezungumza ukumbini kwa niaba ya familia. Nataka nitaje siku kamili tangu walipokutana kwenye harusi ya rafiki yao hapa Tanga, 7/9/2019. Excel ilikataa kwanza, nikageuza tarehe, ikanipa 2349. Programu ya simu imenipa 2290. Baba mdogo kapiga kwa kalamu kapata 2287. Halafu shemeji anasema ilikuwa Jumamosi, bibi yetu aliyekuwepo anasema usiku wa Jumapili, na picha yao ya kwanza kwenye simu inaitwa IMG-20190908-WA0031. Niseme ipi? (Dada wa bibi harusi, Tanga)*

Marahaba dada, na hongereni sana. Namba yako ni 2289. Najua haimo kati ya zile tatu ulizoniletea, kwa hiyo twende taratibu mpaka uione mwenyewe, maana utakaposimama na kipaza sauti mkononi lazima uwe na uhakika nayo.

Tuanze na tarehe waliyokutana, kwa sababu hiyo ikiwa na kasoro hesabu yote inabaki haina maana. Wewe unasema 7/9/2019, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi kweli, kama anavyosema shemeji. Bibi naye hajakosea. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapozama, siyo saa sita usiku. Jua la Jumamosi likishazama, usiku unaoingia ni usiku wa Jumapili. Harusi ile ilikuwa ya usiku, wakaonana labda saa tatu au saa nne, na kwa hesabu ya bibi hapo Jumapili ilikwishaingia. Wote wawili wanazungumzia saa ileile. Kalenda ya kompyuta inabadilisha siku saa sita usiku, kwa hiyo kwa kazi yetu tunaandika Jumamosi tarehe 7.

Jina la picha ndilo ningekuomba usiliamini haraka. Herufi WA zinaonyesha kwamba picha imepitia WhatsApp, na zile namba 20190908 ni siku ambayo picha ilitumwa au ilipokelewa kwenye simu hiyo. Haziwi lazima siku iliyopigwa. Picha za harusini mara nyingi mtu huzituma kesho yake akishaamka. Tena WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hufuta ile taarifa ya ndani inayobeba tarehe na saa ya kupigwa, hivyo hata ukifungua maelezo ya picha hutaipata. Kama aliyepiga bado ana picha ya asili kwenye simu yake, hiyo ndiyo ina tarehe ya kweli. Asipokuwa nayo, tafuta kadi ya mwaliko ya harusi ile. Nyumba nyingi huzihifadhi kadi, na kadi haikosi tarehe.

Sasa tuingie kwenye ile 2349. Umeniambia Excel ilikataa kwanza, nami hapo ndipo nilipojua kilichotokea. Uliandika 13/12/2025 ikakuletea `#VALUE!`, ukaigeuza kuwa 12/13/2025 ikakubali. Maana yake kompyuta hiyo imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Tarehe ya harusi uliirekebisha kwa kuwa ilikugomea: hakuna mwezi wa 13. Lakini ile 7/9/2019 haikugoma, maana mwezi wa 7 upo na siku ya 9 ipo. Ikaipokea kimyakimya kama tarehe 9 Julai. Kutoka 9 Julai hadi 7 Septemba ni siku 60, na 2349 ukitoa 60 unapata 2289. Kosa la aina hii ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika kazi yangu, kwa sababu linaleta jibu lenye sura nzuri kabisa bila alama yoyote nyekundu.

Kama 7/9/2019 uliiandika kwenye seli A1, andika hii kwenye seli ya pembeni uone kompyuta imeelewa nini:

```
=TEXT(A1,"d mmmm yyyy")
```

Ikikuletea mwezi wa Julai, umeshajua. Dalili nyingine ni ya macho tu: tarehe iliyoeleweka hukaa upande wa kulia wa seli, na ile ambayo Excel imeichukua kama maneno matupu hukaa kushoto. Ila njia ninayowafundisha wote wanaokuja kwangu ni kuacha kuandika mikwaju kabisa. Mpe Excel mwaka, mwezi na siku, kila kimoja mahali pake:

```
=DATE(2025,12,13)-DATE(2019,9,7)
```

Hapa hakuna Uingereza wala Marekani, na jibu ni 2289. Kama seli hiyo ilikwishawekewa muundo wa tarehe, itakuonyesha 7 Aprili 1906 badala ya namba. Usishtuke. Excel huhesabu siku kuanzia mwaka 1900, na siku yake ya 2289 ndiyo hiyo. Badilisha muundo wa seli uwe `General` na namba itatokea.

Baba mdogo kafanya kazi nzuri, na namba yake ni rahisi kuirekebisha. Njia yake ni ileile ninayoitumia mimi nikiwa sina kompyuta: unaruka miaka kamili kwanza, halafu miezi, halafu siku zilizobaki. Kutoka 7 Septemba 2019 hadi 7 Septemba 2025 ni miaka sita, na sita mara 365 ni 2190. Kutoka hapo hadi 7 Desemba unapita Septemba yenye siku 30, Oktoba 31 na Novemba 30, jumla 91. Ongeza sita ufike tarehe 13, zinakuwa 97. Ukijumlisha 2190 na 97 unapata 2287, na hapo ndipo aliposimama. Alichosahau ni miaka mirefu. Kati ya siku hizo mbili zimepita 29 Februari 2020 na 29 Februari 2024, siku mbili ambazo hazimo kwenye 365. Rudisha hizo mbili na anafika 2289 kwa kalamu yake mwenyewe. Mwambie, atafurahi.

Inabaki programu ya simu na 2290 yake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii siyo namba ya makosa. Ni jibu la swali lingine. Nimeshughulika miaka mingi na mafaili ya likizo na ya mikopo, na mafaili hayo mawili hayahesabu siku kwa namna moja. Mfanyakazi akipewa likizo kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 5, amepumzika siku tano, kwa sababu siku ya kwanza na ya mwisho zote ni zake. Mtu akikopa tarehe 1 akarudisha tarehe 5, fedha zimelala kwake siku nne. Tarehe ni zilezile, majibu ni mawili, na yote ni halali. Programu yako imehesabu kama likizo: siku ya kukutana ni ya kwanza, siku ya harusi ni ya 2290. Fungua mpangilio wake, nyingi zina alama ya kuchagua kama siku ya mwisho ihesabiwe. Ukiiondoa itashuka hadi 2289.

Kwa hiyo maneno yako ndiyo yatakayoamua namba. Ukisema "zimepita siku" au "wamejuana kwa siku", ni 2289. Ukisema "leo ni siku ya", ni 2290. Kosa ni kuchanganya, ukasema zimepita 2290. Kwa hotuba mimi ningechagua "zimepita", kwa kuwa ndivyo watu wanavyohesabu umri. Mtoto aliyezaliwa jana tunasema ana siku moja, hatusemi ana mbili.

Kuna kipimo kimoja cha kupima jibu lolote kabla hujaliandika kwenye karatasi, na kwenu kimekaa vizuri sana. Walikutana Jumamosi, wanaoana Jumamosi. Kutoka Jumamosi hadi Jumamosi ni wiki kamili, hakuna siku ya ziada, kwa hiyo namba ya kweli lazima igawanyike kwa saba bila kubaki kitu. Gawa 2349, zinabaki nne. Gawa 2290, inabaki moja. Gawa 2287, zinabaki tano. Gawa 2289, unapata 327 kamili. Kipimo hiki hakikamati kila kosa: ukikosea kwa wiki nzima kitakupitisha. Lakini siku moja ya mwisho na zile mbili za Februari hazipiti hapo. Na umepata zawadi nyingine juu yake, maana sasa unaweza kusema pia kwamba ni Jumamosi 327 tangu ile ya kwanza. Sikio la mgeni ukumbini hulishika hilo upesi kuliko elfu mbili na ushehe.

Jambo la mwisho ni saa. Sherehe zetu huchelewa, na familia ya bibi harusi inaweza kuitwa usiku umekwenda. Ikipita saa sita usiku, kalenda imeingia tarehe 14, na ukisema "mpaka sasa hivi zimepita siku 2289" utakuwa umepitwa na siku moja. Na ukisema "leo", bibi naye ana leo yake tangu magharibi. Usiifungamanishe namba na wakati unaposimama. Ifungamanishe na ndoa yenyewe, ambayo itakuwa imefungwa mchana wa Jumamosi, na hapo hakuna saa itakayokusumbua.

Andika namba kwa maneno kwenye karatasi yako, kwa sababu macho yakiona tarakimu nne mbele ya watu ulimi hukwama. Ningeiandika hivi: "Walionana kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe nane Septemba, mwaka elfu mbili kumi na tisa, katika harusi ya rafiki yao hapahapa Tanga. Kutoka Jumamosi ile hadi Jumamosi waliyofunga ndoa zimepita siku elfu mbili mia mbili themanini na tisa." Nimeweka "usiku wa kuamkia Jumapili" kwa makusudi, maana kwa maneno hayo shemeji anasikia Jumamosi yake, bibi anasikia usiku wake wa Jumapili, na tarehe ya kuanzia hesabu inabaki ileile, 7.