Sikio hukamata "nili-" ambazo jicho huziruka

"Naandika barua ya kuomba kazi hapa Bukavu. Rafiki ananiambia kila sentensi inaanza na mimi, lakini neno hilo silioni."

Dada, hulioni kwa sababu katika Kiswahili "mimi" hujificha ndani ya kiambishi ni- mwanzoni mwa kitenzi, na jicho lililozoea maandishi yake hukiruka. Isome barua kwa sauti kamili, ukitua kwenye kila nukta, na kila sentensi inapoanza na ni- weka alama pembeni bila kusahihisha chochote, maana anayesahihisha huku akisoma hupoteza mapigo.

Tuseme umeandika: "Nilifundisha Kadutu miaka mitatu. Nilisimamia darasa la watoto 50. Niliandaa ripoti kila mwezi." Utasikia nili-, nili-, nili-, kama mchi kinuni, tena kwa sentensi za urefu mmoja. Kuongeza "pia" mbele hakutibu chochote. Ningeandika: "Nilifundisha Kadutu miaka mitatu, nikisimamia darasa la watoto 50. Kila mwezi wazazi walipata ripoti niliyoiandaa." Kiambishi bado kimo, ila hakifungui tena kila sentensi. Usizifute nili- zote, kwani barua hii inakuhusu wewe. Kisha soma tena, na pumzi ikikukatikia kabla ya nukta, sentensi uliyoiunganisha imezidi urefu.