Slaidi ya pili isiyomsogeza msomaji

Slaidi ya kwanza: "Mahindi yako yanaliwa ghalani na wewe hujui." Slaidi ya pili: "Je, unajua kwamba mahindi yako yanaweza kuliwa ghalani bila wewe kujua?"

Rasimu hii ya karuseli, yaani posti moja ya picha kadhaa ambazo msomaji hutelezesha moja baada ya nyingine, ilitoka kwa dada mmoja anayesimamia akaunti ya Instagram ya duka la pembejeo. Duka linauza mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na msimu wa mavuno ulikuwa karibu. Alinitumia picha tisa kwa WhatsApp na ujumbe mfupi: "Kaka naomba uipitie, naona kama haiko sawa lakini sijui wapi." Picha zilikuwa nzuri, rangi zimetulia, maandishi yanasomeka hata kwenye simu ndogo. Ugonjwa ulikuwa kwenye mpangilio wa mambo, na nimeona rasimu nyingi zenye ugonjwa huohuo, kwa hiyo nieleze nilivyoipitia.

Hizi ndizo slaidi zilizobaki. Ya tatu ilimweleza dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita Skania: asili yake Amerika ya Kati, na huku kwetu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya nne, jinsi mfuko unavyofanya kazi: wadudu waliomo humaliza hewa, hawapati nyingine, wanakufa. Ya tano, historia ya teknolojia yenyewe, kwamba ilianza na kunde nchini Kameruni kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue. Ya sita, sumukuvu. Ya saba, namna ya kufunga. Ya nane, kwa maandishi madogo: "Hakikisha mahindi yamekauka vizuri." Ya tisa, bei na simu ya duka.

Nilianza na slaidi ya pili kwa sababu ndiyo rahisi kuipima. Funika ya kwanza kwa kidole, usome ya pili. Halafu funika ya pili, usome ya kwanza. Ukiona umepata kitu kilekile mara zote mbili, mtu aliyetelezesha kidole hajalipwa. Alisogea kwa sababu slaidi ya kwanza ilimwahidi jambo. Ya pili imemrudishia ahadi ileile, safari hii kwa njia ya swali. Kinachofanya kosa hili lijirudie kwa watu makini, nadhani, ni insha za shuleni. Tulifundishwa kichwa cha habari, kisha utangulizi unaokirudia kichwa kwa maneno marefu zaidi. Kwenye karatasi msomaji anavumilia. Kwenye simu anaondoka.

Dada alikuwa na utetezi, tena wa maana. Alisikia kwamba slaidi ya pili nayo lazima inase mtu. Ni kweli. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amewahi kueleza kwamba mtu akiipita karuseli bila kuitelezesha, mtandao unaweza kumletea tena ikiwa imefunguka kwenye slaidi ya pili. Maana yake slaidi ya pili ina wasomaji wa aina mbili: aliyetoka kwenye ya kwanza sasa hivi, na ambaye ya kwanza haikumgusa. Lakini huyu wa pili ndiye hasa asiyefaa kurudiwa, maana sentensi ile imeshashindwa kwake mara moja. Slaidi ya pili inapaswa kusimama peke yake kwa asiyeiona ya kwanza, na wakati huohuo iwe hatua mbele kwa aliyeiona. Si rahisi, lakini inawezekana, na mfano nitautoa hapo chini.

Kabla ya kugusa neno lolote, hata hivyo, nilitaka kujua ujumbe wenyewe. Nikamrekodia sauti: "Mtu akimaliza kuisoma hii, afanye nini nyumbani kwake?" Akajibu, "Anunue mifuko." Nikamwambia hiyo ni haja ya duka, mkulima afanye nini kwa mkono wake? Kimya kidogo, halafu: "Kwanza aanike mahindi yakauke kabisa, kaka. Maana watu wanafunga mahindi yana unyevu, yanaoza, halafu wanaturudia dukani wanasema tumewauzia mifuko feki."

Ujumbe ulikuwa huo, na kwenye rasimu ulikuwa umejificha slaidi ya nane kwa maandishi madogo, baada ya msomaji kuambiwa afunge mfuko.

Hapo ndipo unaona kwamba kupotea kwa ujumbe katikati si kasoro ya urembo. Mfuko usiopitisha hewa huzuia pia unyevu kutoka. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huota ukungu, huchacha, na ukifungua unakutana na harufu. Kwa mfuko wa aina hii unyevu unapaswa kuwa chini ya asilimia 13.5. Mtu aliyefuata rasimu ile kwa utaratibu wake, akaishia slaidi ya saba kwa sababu ameshajua kufunga, angeweza kuharibu gunia zima kwa maelekezo ya duka lenyewe.

Ili kuona uzi ulikatikia wapi, ninatumia jaribio moja tu: nabadilisha slaidi mbili nafasi, kisha natazama kama kuna kitu kimevunjika. Tulipobadilisha ya tatu na ya sita, dumuzi akawa baada na sumukuvu kabla, hakuna kilichovunjika. Ya tano tuliihamishia mahali popote, hata tukaiondoa, na karuseli ikaendelea kana kwamba haikuwahi kuwepo. Slaidi zinazohama bila madhara hazitegemeani. Kila moja imekuja na mada yake. Kuanzia ya tatu hadi ya sita, msomaji alipita mdudu, mfuko, historia na sumu, na hakuna hata moja iliyomhitaji awe amesoma iliyotangulia. Ya saba na ya nane zilipobadilishana, ndipo maana ilipobadilika, tena kuwa salama zaidi. Hilo likatuonyesha mahali uhai wa karuseli ulipo.

Sumukuvu ilikuwa na tatizo la ziada. Ni jambo zito na linahusiana na ukavu, kwa hiyo dada hakutaka kuliacha. Lakini slaidi yake ilimfanya msomaji adhani mfuko unaondoa sumu, wakati mfuko hauwezi kuondoa sumukuvu iliyokwisha kuingia kwenye punje shambani au wakati wa kuanika. Kulieleza hilo sawasawa kunahitaji posti yake yenyewe. Tukaliweka kwenye orodha ya wiki inayofuata.

Sasa, kama ujumbe ni kukausha, basi hata sentensi ya kwanza haikuwa sahihi. "Mahindi yako yanaliwa" inaahidi habari za mdudu. Mtu aliyenaswa na mdudu anasubiri mdudu, ukimpeleka kwenye unyevu anaona umemgeuka. Mara nyingi slaidi ya pili hurudia ya kwanza kwa sababu hiyo: mwandishi hana njia ya kutoka pale alipoanzia kwenda kule anakotaka, kwa hiyo anazunguka mlangoni. Tukaandika upya hivi:

Slaidi ya kwanza: "Mfuko mpya. Umefungwa vizuri. Mahindi yameoza humo ndani."

Ya pili: "Mahindi yenye unyevu huota ukungu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, hata mfuko ukiwa mpya kabisa." Isome bila ya kwanza: inaeleweka. Isome baada yake: inajibu swali ambalo ya kwanza imeliacha. Anayekutana nayo kwa bahati hahitaji kurudi nyuma, na aliyetelezesha amepata kitu.

Ya tatu: "Utajuaje yamekauka? Tumia chupa na chumvi." Ya nne ni picha ya kitendo: chupa safi iliyokauka, vijiko vichache vya chumvi kavu, mahindi yasiyozidi nusu ya chupa, funika, tikisa kwa dakika chache, acha itulie kama dakika 15. Chumvi lazima iwe kavu kwelikweli; mkoani kwao hewa ni ya unyevunyevu, kwa hiyo tukaongeza "ikaushe kwanza juu ya moto au juani". Ya tano: "Chumvi imeganda kwenye chupa? Rudisha mahindi juani."

Ya sita ndiyo tuliyobishana zaidi. Jaribio la chumvi linatambua unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Chumvi isipoganda, umeshuka chini ya hapo, lakini hujajua kama umefika 13.5. Dada aliona tukisema hivyo tutawachanganya watu. Nikaona tusiposema, watarudi dukani na mahindi yaliyooza wakisema walipima. Tukakubaliana: "Chumvi haikuganda? Anika siku nyingine moja ya jua kali, au leta sampuli tuipime kwa kifaa." Duka lina kipima unyevu, na rasimu nzima haikuwa imekitaja. Sentensi hiyo inampa mkulima sababu kubwa zaidi ya kufika dukani kuliko bei ilivyokuwa ikifanya.

Ya saba: kufunga tabaka moja baada ya jingine, sokota, kunja, kaza kamba, na juu ya picha maneno "mahindi yakishakauka". Maneno hayo ya juu ni kwa ajili ya magrupu ya WhatsApp. Watu huku hawatumi karuseli nzima. Wanapiga picha ya skrini moja wanayoipenda na kuisambaza. Ya kufunga ndiyo itakayosambaa, kwa sababu ina vitendo, na itafika kwa watu ambao hawataiona ya nne kamwe. Slaidi yoyote yenye maelekezo ibebe sharti lake mgongoni.

Ya nane ikabaki bei na simu. Nilipendekeza bei ihamie kwenye maelezo ya chini pamoja na Kameruni na Tabora, ambako mwenye hamu ya historia ataikuta. Dada alikubali historia, akakataa bei. "Kaka, wakikosa bei wanauliza wote kwenye komenti, na mimi ndiye ninayejibu." Bei ikabaki.

Instagram sasa inaruhusu hadi slaidi 20, na aliniuliza kama nane hazitoshi. Tulijaribu kuongeza ya picha ya mahindi yaliyooza kati ya ya pili na ya tatu. Tukaibadilisha nafasi na ya pili, hakuna kilichovunjika, tukaitoa.