Kipindi cha redio kimpe mkulima kipimo kabla ya dawa

Mkulima wa nyanya wa Kitengela akikuta miche imelala chini ilhali majani bado ni ya kijani, hatua ya kwanza huwa ni kwenda kwa agroveti. Anarudi na dawa ya ukungu, anapulizia, na baada ya siku chache mstari wa pili nao unanyauka. Ikiwa kampuni yako ya ushauri wa kilimo ina kipindi redioni, tatizo kama hili ndilo litakalowaonyesha wasikilizaji kama wewe ni wa kuaminika. Washauri wengi hupoteza nafasi hiyo kwa kutaja dawa hewani. Msikilizaji ameshatajiwa dawa na watu kumi, na hana njia ya kujua kwa nini akuamini wewe.

Mpe kitu anachoweza kukipima mwenyewe shambani kabla hajakulipa hata shilingi. Kwa mnyauko wa nyanya kipimo hicho kipo, na kinaelezeka kwa sauti peke yake. Achague mmea ulionyauka lakini haujakauka. Akate kipande cha shina karibu na ardhi, sentimita 10 hivi, yaani zaidi kidogo ya kidole cha kati, akioshe udongo kwa nje. Akining'inize kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa majini, asiitikise glasi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka polepole kutoka kwenye shina. Kando yake aweke glasi ya pili yenye shina la mmea usio na ugonjwa, alinganishe.

Kurekodi maelezo haya kunahitaji uangalifu kuliko mazungumzo ya kawaida, kwa sababu anayesikiliza ameshika kisu. Toa agizo moja, kisha nyamaza sekunde tatu nne kabla ya lingine. Taja kila urefu na muda mara mbili. Kosa linalotokea sana ni kuanza na majina ya vijidudu na kufikia glasi dakika ya nane, wakati msikilizaji ameshashuka matatu. Glasi ije mapema, maelezo ya kisayansi yafuate. Usisahau kutaja yanayoharibu kipimo: shina lisilooshwa hutia maji matope ambayo mtu atadhani ni bakteria, na shina la mmea uliokwisha kufa huenda lisitoe chochote. Akimaliza, maji hayo atie jiki na ayamwage mbali na shamba, na kisu akisafishe vilevile, la sivyo atakuwa ameusambaza ugonjwa aliokuwa akiutafuta.

Baada ya hapo sema ukweli ambao muuza dawa hasemi. Nyuzi zikionekana, hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya mmea huo. Ang'oe pamoja na udongo wa mizizini, asiutupe kwenye mboji, na azuie maji ya umwagiliaji yasitoke sehemu hiyo kwenda nyingine. Viazi, pilipili hoho na biringanya hupata ugonjwa huohuo, kwa hiyo asivipande hapo. Mahindi, vitunguu au sukuma wiki ni afadhali, tena kwa misimu kadhaa. Nyuzi zisipoonekana, bado si hakikisho kwamba mmea ni mzima. Iwapo majani ya chini yalianza kuwa ya manjano, mara nyingi upande mmoja, na shina likipasuliwa lina rangi ya kahawia ndani, huenda ni mnyauko wa kuvu. Anayetaka jibu la uhakika apeleke sampuli maabara, kwa mfano ya shirika la utafiti wa kilimo la KALRO kule Kabete. Kumwelekeza mtu kwa mwingine hakukupunguzii wateja. Ndiko kunakomfanya aamini siku utakapomwambia kwamba jambo fulani unaliweza wewe.

Wiki inayofuata, rudi na matokeo. Pokea simu na rekodi za sauti kupitia nambari moja tu, kisha uchague tatu: aliyeona nyuzi, ambaye hakuziona, na ambaye kipimo kilimchanganya. Huyo wa tatu ndiye wa thamani zaidi, wala usimkate. Kosa likiwa lako, kwa mfano ulisahau kusema shina lioshwe, lisahihishe mwanzoni mwa kipindi, saa ileile ambayo kosa lilitangazwa. Masahihisho yanayowekwa mwishoni huwakosa walewale uliowapotosha. Omba ruhusa ya kila mtu kabla ya kurusha sauti yake, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu rekodi hizi pia.

Simu za moja kwa moja zina mtego wake. Mtu atasema, “Majani yanageuka manjano, nifanye nini?” Manjano inaweza kuletwa na ukosefu wa naitrojeni, maji kutuama, minyoo ya mizizi au kuvu. Mtangazaji anayetoa jibu hapo hapo anabahatisha, na wanaomsikia wana manjano za aina tofauti. Uliza yameanzia majani ya juu au ya chini, mimea mingapi kati ya kumi, na mara ya mwisho alimwagilia lini. Halafu mpe kipimo, umpigie baadaye.

Muda wa hewani unaponunuliwa, hesabu kwa zao. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hivi, na mchumo wa kwanza huja takriban wiki 11 baada ya kuhamishiwa shambani, kutegemea mbegu na baridi ya mahali. Anayenunua wiki 4 hukatika hewani miche ikitoka kitaluni, kabla msikilizaji hajaona kama uliyosema yametimia. Pesa zikitosha kwa kidogo tu, chukua dakika 10 kwa wiki 15 badala ya saa nzima kwa mwezi mmoja. Na usikubali muuza dawa adhamini kipindi kinachozungumzia dawa; mkipatana naye kwa jambo lingine, litaje hewani waziwazi.

Mjini Nairobi kuna kundi ambalo redio pekee hailifikishi mbali: wakulima wa simu, wanaofanya kazi mjini huku shamba likisimamiwa na mtu Machakos au Murang'a. Wao husikiliza asubuhi wakiwa njiani na hawana kisu mkononi. Watengenezee kipande cha dakika 5 chenye kipimo tu, wakitumie kwa msimamizi kupitia WhatsApp. Faili ya mono ya kilobiti 32 kwa sekunde itakuwa na ukubwa wa megabaiti 1.2 hivi, na simu ya kawaida ya kule shambani haitasumbuka kuipokea. Rekodi chumbani penye mapazia na godoro, simu ikiwa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, maana mwangwi wa chumba kitupu humeza silabi.

Weka daftari la simu: tarehe, mahali, zao, swali, na kipindi alichosikia. Usihesabu wingi wa simu, soma maswali yenyewe. Wiki za kwanza yatakuwa “nitumie dawa gani?” Baadaye utaanza kusikia “nimekata shina, maji hayajabadilika, lakini ndani ni kahawia. Eka nusu hii niipande nini?” Swali hilo halijibiki kwa redio. Linahitaji mtu atembelee shamba, aangalie mteremko wa maji na apange mzunguko wa mazao, na anayeliuliza kwa kawaida ataendelea kuuliza kutembelewa ni shilingi ngapi.